Mchanga wa Lori Upimwe Kabla Haujamwagwa

Dar es Salaam, tipa ikishainua bodi na kumwaga mchanga uani, mazungumzo ya bei yamekwisha. Dereva anadai chake, na fundi wa lipu tayari ameshika beleshi. Mnunuzi huwa amekagua kitu kimoja tu: kama tipa imejaa. Lakini katika ujazo huo mara nyingi amelipia udongo kwa bei ya mchanga, hasa mvua zinapokuwa zimeshusha tope mtoni, kama inavyotokea bonde la Mpiji, au mchimbaji wa shimo anapokuwa amepita tabaka la mchanga na kugusa mfinyanzi.

Mafundi wengi hawalalamikii mzigo wa namna hiyo, na wana sababu yao. Mchanganyiko wenye udongo hunata vizuri kwenye mwiko, haudondoki ukutani, na husawazika upesi. Mchanga safi wenye punje nene huwasumbua. Tope kidogo kweli husaidia kulainisha; tabu huanza linapozidi.

Kwanza, saruji hushikamana na uso wa punje ya mchanga. Punje iliyovikwa mfinyanzi huinyima saruji uso huo, kama rangi iliyopakwa juu ya vumbi. Pili, chembe za udongo ni ndogo mno na hunywa maji mengi. Mfuko wa kilo 50 ambao ungetosheka na lita 30 za maji sasa unadai lita 40 ili mchanganyiko uwe laini kama ule wa kwanza. Maji hayo ya ziada hayabaki ukutani: yanakauka na kuacha vitundu, na nguvu inashuka. Tatu, mfinyanzi uliolowa huvimba, ukikauka hunywea. Ndipo lipu inapopata nyufa nyembamba zilizosukana kama wavu, na baada ya muda ukiigonga kwa vidole inalia wazi, maana imeshaachana na tofali. Kuongeza saruji hakuponyi hali hii, kwa sababu lipu yenye saruji nyingi nayo hunywea zaidi. Kuchekecha pia hakusaidii: chekecheo huzuia mawe na mizizi, lakini udongo unapita pamoja na mchanga.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Tafuta chupa ya kioo au plastiki angavu, yenye mfuniko, mdomo mpana na ubavu ulionyooka. Koroga kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji. Chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi zishikane na kuzama, badala ya kuelea hadi kesho yake. (Chumvi hiyo iishie chupani, isiingie kwenye saruji.) Chota mchanga sehemu nne au tano za mzigo, ndani na si juu tu, uchanganye, kisha ujaze chupa hadi nusu. Mimina maji ya chumvi yafike robo tatu, tikisa kwa nguvu dakika nzima, uiweke mahali tambarare na usiiguse kwa saa 3.

Mchanga huzama mara moja. Tope hutua juu yake kama utando laini wa rangi tofauti. Pima kila tabaka kwa rula. Tuseme mchanga una milimita 80 na tope milimita 12: gawa 12 kwa 80, upate asilimia 15. Mafundi sanifu kwa desturi huweka mpaka kwenye asilimia 8 hivi kwa kipimo hiki cha chupa, basi mzigo huo haufai kwa lipu. Chupa nyingine ikionyesha 82 kwa 5, yaani asilimia 6, mchanga huo unafaa. Asilimia hizi ni za kimo na si za uzito. Tope lililotua ni jepesi, kwa hiyo uzito wake halisi ni mdogo kuliko linavyoonekana. Chupa ikikaribia mpaka, rudia na sampuli nyingine kabla ya kukataa. Tena kipimo hiki hakionyeshi chumvi ya mchanga wa ufukweni.

Kikwazo ni zile saa 3, kwani hakuna dereva atakayesubiri. Ninavyoona mimi, chupa ifanye kazi siku moja kabla, kwa mchanga uliochukuliwa shimoni kwenyewe, na makubaliano ya bei yataje mchanga ule. Bakiza kopo moja la sampuli iliyofaulu. Lori likifika, kabla bodi haijainuliwa, panda juu, fukua hadi kiwiko, lowesha konzi moja ya mchanga na uisugue kiganjani, kisha fanya hivyo hivyo kwa mchanga wa kopo. Kiganja cha mzigo mpya kikibaki na doa zito la udongo kuliko cha kopo, mwambie dereva ageuze gari.