Robo Mzunguko na Ukingo wa Wimbi

Mfasiri wa vitabu vya ufundi wa redio hukutana na istilahi mbili ambazo ni rahisi kuzifasiri, na ni rahisi vilevile kuzikosea. Ya kwanza huweza kuitwa "ishara ya uchambuzi", na ya pili "bahasha ya wimbi". Makala haya yanakusudia kueleza dhana zenyewe kwa mfano mmoja wa hesabu, ili tuone ni majina gani yanayozistahili.

Tuchukue mlio wa hezi 1000, yaani mlio unaotikisika mara 1000 kwa sekunde. Ukubwa wa mlio huo tuupandishe na kuushusha mara 100 kwa sekunde, kwa kiasi cha nusu ya ukubwa wake wa kawaida. Kwa alama za hisabati, ishara yetu ni hii:

x(t) = (1 + 0.5 cos 2π100t) cos 2π1000t

Sehemu iliyo ndani ya mabano ndiyo inayobeba ujumbe, nayo hubadilika kati ya 0.5 na 1.5. Sehemu ya pili ni wimbi chukuzi. Kazi yetu ni kuipata tena sehemu ya kwanza tukiwa na x(t) peke yake. Ugumu ni kwamba x(t) hupita sifuri mara 2000 kwa sekunde, na katika nukta hizo haituambii lolote juu ya ukubwa wa wimbi.

Hapa ndipo linapoingia geuzo la Hilbert, lililopewa jina la mwanahisabati Mjerumani David Hilbert (1862–1943). Ishara yetu ikitenganishwa huonekana kuwa ni milio mitatu: wa hezi 900 wenye ukubwa 0.25, wa hezi 1000 wenye ukubwa 1, na wa hezi 1100 wenye ukubwa 0.25. Geuzo hilo hurudisha nyuma kila mlio kwa robo ya mzunguko wake wenyewe, yaani digrii 90, bila kugusa ukubwa wake. Kila kosaini huwa saini, na milio hiyo ikijumlishwa tena tunapata:

y(t) = (1 + 0.5 cos 2π100t) sin 2π1000t

Wimbi chukuzi limegeuka, lakini ujumbe umebaki kama ulivyokuwa. Sasa x na y husaidiana: moja ipitapo sifuri, nyingine hubeba ukubwa wote. Tuzichukue kuwa pande mbili za pembetatu mraba. Kwa kanuni ya Pithagorasi, upande wa tatu ni:

√(x² + y²) = 1 + 0.5 cos 2π100t

Baada ya robo ya milisekunde, kwa mfano, x ni sifuri kabisa, lakini y ni 1.494, na ndio ukubwa hasa wa wimbi wakati huo.

Jozi hiyo, x + iy, ilielezwa na Dennis Gabor mwaka 1946. Mfaransa Jean Ville aliitumia na kuiita "analitiki" mwaka 1948. Neno hilo latokana na vitendaji analitiki vya hisabati, wala si na kazi ya kuchambua. Kwa hiyo "ishara ya uchambuzi" ni kosa. "Ishara analitiki" yafaa zaidi.

Pia mfasiri asiseme kwamba geuzo hili "huchelewesha" ishara. Tukichelewesha ishara nzima kwa robo ya milisekunde, mlio wa hezi 1000 utageuka digrii 90, lakini ule wa 900 utageuka 81 tu, na ule wa 1100 utageuka 99. Ujumbe nao utachelewa, na hesabu yetu ya mwisho haitatoa jibu safi. Tuseme basi "kugeuza kwa robo mzunguko".

Njia hii ina mpaka wake. Kiasi cha 0.5 kikiongezwa hadi 1.5, sehemu ya mabano hushuka hadi –0.5, ilhali kipeo cha pili hakiwezi kutoa jibu hasi. Bonde la ujumbe hukunjwa likatazama juu. Dalili yake ni pembe kali pale mstari unapogusa sifuri, na papo hapo wimbi chukuzi huruka nusu mzunguko.

Limebaki neno "bahasha". Katika barua, habari huwa ndani ya bahasha, na bahasha hutupwa. Katika wimbi letu mambo ni kinyume: habari ni ule mstari wa nje, na kilichomo ndani, yaani wimbi chukuzi, ndicho kinachotupwa. Mwanafunzi aambiwaye "bahasha" hutafuta habari mahali isipokuwepo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "ukingo wa wimbi", na kazi ya kuupata iitwe "ung'amuzi wa ukingo".