Ruta mbili zinapogongana

Umeunganisha ruta yako kwenye modemu ya kampuni ya intaneti. Kurasa zinafunguka, lakini printa iliyo kwenye waifai ya modemu haionekani kwenye simu iliyo kwenye ruta. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, utazame WAN IP. Ikianza na 192.168, basi vifaa vyote viwili vinabadilisha anwani, kazi inayotosha kimoja.

Modemu ikiwekwa Bridge Mode, ruta hupokea anwani ya nje moja kwa moja, ila waifai ya modemu kwa kawaida huzimika. Kwa nyumba nyingi naona bora kuiweka ruta Access Point: itaacha kugawa anwani, ibaki kusambaza waifai. Anwani yake mwenyewe huenda ikabadilika. Itafute kwenye orodha ya vifaa ndani ya modemu.