Mahali chaji inapofikia sifuri

Mtu akipewa peptidi yenye makundi manne yanayoachia protoni, njia inayomjia haraka ni kujumlisha pKa zote nne, kugawanya kwa nne na kuliita jibu pointi ya isoelektriki, yaani pH ambayo jumla ya chaji za molekuli ni sifuri. Kwa glisini njia hiyo inafaulu, kwa kuwa glisini ina makundi mawili tu, na mafanikio hayo ndiyo yanayopotosha. Peptidi moja ndogo inatosha kuonyesha kasoro: glisini-histidini-laisini, ambayo Loren Pickart aliitambua katika plazma ya damu ya binadamu mwaka 1973. Ina kundi la amino mwanzoni, lenye pKa ya takriban 8.0, na kundi la kaboksili mwishoni, lenye takriban 3.0. Minyororo miwili ya pembeni inaongeza makundi mengine mawili: pete ya histidini, takriban 6.5, na amino iliyo kwenye ncha ya mnyororo wa laisini, takriban 10.5. Wastani wa zote nne ni 7.0.

Kabla ya kugusa kikokotoo, tuhesabu chaji. pKa ni pH ambayo nusu ya makundi ya aina hiyo yameshaachia protoni, lakini namba hiyo peke yake haisemi kundi lina chaji gani. Kaboksili yenye protoni haina chaji, na ikiiachia huwa hasi moja. Pete ya histidini na makundi ya amino yana chanya moja yakiwa na protoni, na yakiiachia hubaki bila chaji. Kwa hiyo kwenye asidi kali peptidi yetu ina chanya tatu. Kaboksili ikiachia, zinabaki chanya mbili. Histidini ikiachia, inabaki moja. Amino ya mwanzo ikiachia, jumla ni sifuri. Laisini ikiachia, inakuwa hasi moja. Hali ya sifuri imekaa kati ya pKa mbili tu, 8.0 na 10.5, na wastani wake ni 9.25. Kaboksili na histidini zimekwisha kumaliza kazi yao mbali chini ya hapo, ndiyo maana pKa zao haziingii kwenye wastani.

Grafu ya titresheni inaonyesha jambo hilohilo. Chukua milimoli moja ya peptidi iliyotiwa asidi mpaka makundi yote yakapata protoni, kisha dondosha haidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1. Kila kundi linahitaji mililita 10. Kwenye mililita 25, amino ya mwanzo imefika nusu na pH ni karibu 8.0, kwenye 35, laisini imefika nusu na pH ni karibu 10.5. Sehemu hizo mbili ni tambarare, kwa sababu kila tone la alkali linapokewa na protoni zinazoachiwa. Kati yake, kwenye mililita 30, grafu inapanda kwa kasi, na hapo ndipo penye 9.25. Mtu anaweza kuuliza: mbona tusichukue katikati ya grafu nzima? Katikati ni mililita 20, na hapo molekuli bado ina chanya moja. Zaidi ya hayo, pKa za 6.5 na 8.0 zimekaribiana mno, hivyo hatua mbili huungana kuwa mteremko mmoja mrefu unaokula mililita 20, na asiye makini huuhesabu kama kundi moja. Urefu wake ndio unaofichua kwamba ni mawili.

Kuna pingamizi zito zaidi: majedwali ya vitabuni huipa amino ya glisini 9.60, siyo 8.0. Ni kweli, lakini hiyo ni glisini iliyo peke yake, ambamo kaboksili yenye chaji hasi iko jirani na huisaidia amino kushikilia protoni. Ndani ya peptidi kaboksili hiyo imegeuka kuwa kifungo kisicho na chaji, na protoni hutoka mapema zaidi. Katika glisini-glisini, kwa mfano, pKa ya amino ni karibu 8.2. Anayetumia thamani ya jedwali atapata pointi ya takriban 10.1, akiwa amekosea kwa zaidi ya nusu ya kizio cha pH.

Jaribio la kuhukumu kati ya 7.0 na 9.25 ni rahisi. Tupitishe umeme kwenye peptidi iliyo ndani ya bafa ya pH 7.0. Kama 7.0 ingekuwa sahihi, isingesogea. Hesabu ya chaji inatoa takriban chanya 1.15, na kwa hiyo itaelekea elektrodi hasi. Wenye kutaka kuisoma grafu badala yake wachemshe maji kwanza na kuweka gesi ya naitrojeni juu ya mchanganyiko, kwani kaboni dayoksaidi ya hewani ina hatua zake karibu na 6.4 na 10.3, palepale histidini na laisini zinapotakiwa kuonekana. Dalili yake ni kwamba titresheni ya maji matupu yenye asidi, iliyofanywa kwa utaratibu uleule, inaonyesha nayo sehemu tambarare kwenye pH hizo.