Mkono Mwepesi, Ndoo Kavu

Mkono wa pampu ya maji ukiwa mzito kupita kawaida, kuna mahali pameziba. Ukiwa mwepesi, kuna mahali panavuja. Fundi anayejua kazi yake huanzia hapo, kabla hajagusa spana: anaushika mkono, anaushusha na kuupandisha mara mbili tatu, na anasikiliza kiganja chake kinamwambia nini. Ukianguka wenyewe kama haujafungwa na kitu chochote, tayari amekwishaondoa nusu ya maswali.

Pampu ninayoizungumzia ni ile fupi ya chuma cha kumimina inayosimama juu ya kisima kifupi au bomba lililochomekwa ardhini. Utaiona kwenye nyua za watu huku Pwani, ambako mchanga ni laini na maji hayako mbali. Silinda yake iko juu ya ardhi, mbele ya macho yako, na kichwa chake kiko wazi. Hapo ndipo inapotofautiana na zile pampu ndefu za visima vya kijiji, kama Afridev au India Mark II, ambazo silinda yake imezama chini majini na kuifikia ni lazima uvute fito kutoka kisimani. Hii fupi mtu anaweza kuikagua kwa jagi la maji na kuifungua kwa spana mbili.

Ndani yake kuna vitu viwili vinavyofanya kazi yote. Cha kwanza ni pistoni, nayo imevaa washa ya ngozi yenye umbo la kikombe ambayo ukingo wake unabana ukuta wa silinda. Katikati ya pistoni kuna vali ndogo ya chuma inayofunguka juu. Cha pili kiko chini kabisa, pale silinda inapokalia kitako cha pampu: ni kipande cha ngozi bapa kilichokatwa kama ulimi, mgongoni kimebeba kizito cha chuma ili kijifunge chenyewe. Ukishusha mkono, pistoni inapanda, ulimi wa chini unafunguka, maji yanafuata. Ukipandisha mkono, pistoni inashuka, ulimi unajifunga, maji yanapenya vali ya pistoni na kukaa juu yake, yakisubiri kusukumwa nje safari ijayo. Kimoja kisipobana, kingine kinafanya kazi ya bure.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kukimbilia washa ya pistoni. Washa inasifika, madukani inaulizwa, kwa hiyo kila tatizo inabambikiziwa yenyewe. Ulimi wa chini hakuna anayeukumbuka, ingawa ndio unaokalia mchanga na ndio unaopasuka pale unapojikunja kila siku. Kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kuimwagia pampu maji.

Chukua jagi la maji safi, maana yanaweza kuishia kisimani, na uyamimine juu ya pistoni. Usipige mkono bado. Yakizama na kupotea yenyewe, yamepita pistoni na yamepita ulimi, yaani vyote viwili vinavuja. Yakibaki, shusha mkono polepole mpaka pistoni ifike juu, kisha ushikilie hapo. Maji yaliyo juu yakianza kuteremka huku mkono hauna uzito wowote, washa au vali ya pistoni haibani, lakini ulimi umeyapokea na kuyazuia: utayaona yakirudi juu ukipandisha mkono, yale yale, hayapungui wala hayaongezeki. 

Maji yakitulia juu ya pistoni bila kuteremka, sasa tazama mapovu. Kila pistoni inaposhuka, hewa iliyovutwa kutoka kwenye bomba inatakiwa kupenya vali na kutokea juu. Usipoona povu hata moja, hewa inarudi ilikotoka: ulimi haufungi. Ukiona mapovu, pampu inafanya kazi, na unachohitaji ni subira kidogo. Bomba la inchi moja na robo lina karibu lita moja ya nafasi kwa kila mita, na pampu ya inchi tatu huvuta karibu nusu lita kwa pigo moja. Kisima cha mita tano kinakudai mapigo kumi hadi kumi na tano kabla hewa haijaisha. Yakizidi hapo na mapovu bado yanachemka, tafuta ufa kwenye bomba au kwenye maungio yake. Paka sabuni yenye povu kwenye maungio yaliyo juu ya ardhi. Panapovuta hewa, povu litanyonywa ndani.

Katika nyumba moja ya kupanga Kigamboni, pampu ilikuwa imelala bila kutumika wiki kadhaa kwa sababu wapangaji walikuwa wakinunua maji ya gari. Walipoirudia, mkono ulikuwa unaanguka wenyewe. Mama mwenye nyumba alikwisha kuulizia bei ya pampu mpya. Fundi aliyeitwa, mzee wa makamo aliyewahi kutengeneza baiskeli, alimimina jagi zima na maji yakazama papo hapo.

“Yamepita milango yote miwili, mama,” alisema. “Ukinibadilishia washa peke yake, kesho utaniita tena.”

Alichomoa pini za mkono, akainua kifuniko na kuvuta pistoni pamoja na fito yake. Kisha akalegeza boliti za kitakoni na kunyanyua silinda. Ulimi ulikuwa umekauka na kujikunja ukingoni, na chini yake palikuwa na punje za mchanga zilizoacha alama kwenye chuma. Hapo kazi ikaenda polepole. Alisugua sehemu ya chuma ambapo ulimi unakalia kwa msasa laini mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, kwa sababu ngozi mpya juu ya chuma chenye mashimo itavuja kama ya zamani. Ulimi mpya aliukata kwa kufuata ule wa zamani, kutoka ngozi ya soli iliyonunuliwa kwa fundi viatu. Kwenye pampu nyingi za aina hii ulimi na gasketi ya kitako ni kipande kimoja: duara la nje linaziba kiungo, ulimi wa ndani unafungua na kufunga. Ukikata ulimi peke yake na kusahau duara, pampu itavuta hewa kitakoni na utamlaumu asiyehusika.

Kizito aliendelea kutumia kile kile cha chuma. Kikipotea, tafuta boliti fupi yenye washa za chuma, na usikubali kipande cha risasi hata kama kinafaa kwa uzito wake. Kule Tamatave, Madagaska, ambako pampu za namna hii hutengenezwa na mafundi wa mitaani, watafiti walikuta madini ya risasi kwenye maji ya kunywa, na chanzo kilikuwa vali zenye vizito vya risasi.

Washa ya pistoni aliiloweka usiku kucha kwenye ndoo, jambo ambalo kila mtu angepaswa kulifanya kwanza. Ngozi kavu husinyaa, na washa iliyoonekana imekufa jana inaweza kuvimba na kubana tena asubuhi. Hii haikuvimba vya kutosha: ilipotiwa kwenye silinda, mwanga ulionekana pembeni. Ukingo ulikuwa umelika upande mmoja, ikabidi atengeneze mpya.

Kutengeneza kikombe kipya si kazi ngumu ila inataka ngozi sahihi. Inayofaa ni ya ng'ombe, nene milimita nne au tano, iliyotengenezwa kwa maji ya magome, si ile laini ya mikoba. Inakatwa duara pana kuliko silinda, inalowekwa mpaka ilegee, kisha inabanwa kwa boliti kati ya gongo la mti na pete inayolingana na silinda, na kuachwa humo mpaka ikauke. Ikitoka imeshika umbo, ukingo unapunguzwa kwa kisu kikali, halafu inanyweshwa mafuta ya kula au ya mnyama yaliyoyeyushwa. Oili ya gari hapana, haya ni maji ya kunywa. Ikiingia kwenye silinda inatakiwa iteleze kwa kusukumwa na kiganja, si kwa kugongwa.

Na mdomo wa kikombe unatazama juu. Hapo ndipo mafundi wa baiskeli hukosea, kwa sababu washa ya pampu ya baiskeli hutazama chini, upande inakosukuma hewa. Pampu ya maji inanyanyua: uzito ulio juu ya pistoni ndio unaotanua ukingo wa ngozi na kuubana ukutani. Ukiigeuza, kila pistoni inapopanda ukingo unajikunja ndani na maji yanapita pembeni, na mkono unabaki mwepesi kama ulivyokuwa. Mzee wetu hakukosea, ingawa alicheka alipokumbushwa.

Kabla ya kurudisha kila kitu alipitisha vidole ndani ya silinda. Kutu na mikwaruzo ndiyo inayokula washa mpya ndani ya wiki chache, na hapo watu husema ngozi za siku hizi hazina ubora. Akasugua kwa msasa, akaosha, akafunga. Aliangalia pia vali ndogo ya pistoni kwa kuimiminia maji kwa juu, na haikudondosha. Jagi moja la kuanzia, mapovu kwa muda mfupi, kisha mkono ukaanza kupata uzito chini ya kiganja. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa mapigo arobaini na tano hivi. Kwa silinda ile ya inchi tatu, yenye pigo la sentimita kumi na moja, pampu kamilifu isiyovuja hata tone ingeijaza kwa arobaini, kwa hiyo kilichobaki kuvuja hakistahili kufunguliwa tena.

Pampu ikitoa maji mchana lakini kila asubuhi ikadai jagi, ulimi unavuja taratibu. Au kuna mtu anaacha mkono umesimama juu kabisa: kwenye baadhi ya pampu hizi pistoni ikifika chini mwisho inagonga kizito na kuuinua ulimi, na maji yote yanarudi kisimani usiku. Uacheni mkono chini.

Kuna hali moja ambayo ngozi haihusiki. Umebadilisha vyote, maji yanakaa juu ya pistoni, mkono sasa ni mzito, na ukiuachia unarushwa juu wenyewe. Hapo ama bomba limeziba, au maji yameshuka mno. Pampu hii haivuti maji kwa nguvu za ajabu. Hewa iliyo nje ndiyo inayoyasukuma juu, na usawa wa bahari uwezo wake hauzidi mita kumi na kidogo. Kwa pampu halisi hesabu mita saba. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hesabu chini ya sita. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe kisimani, pima kutoka kwenye pistoni hadi pale kamba ilipolowa. Kipimo kikizidi hapo mwishoni mwa kiangazi, subiri mvua au weka pampu ambayo silinda yake inazama ndani ya maji.