Gharama Iko Wapi: Mzizini au Majanini?

Swali lenyewe huwa fupi, na mwanafunzi wa kompyuta aliyepitia madesa ya miaka iliyopita hulitambua kwa sura. Mtunzi ameweka milinganyo mitatu, kisha agizo moja: tumia kanuni kuu kupata jibu la kila mlinganyo, na pale ambapo kanuni haifai, eleza kwa nini.

```
(a) T(n) = 3T(n/2) + n
(b) T(n) = 2T(n/2) + n
(c) T(n) = 2T(n/2) + n log n
```

T(n) ni muda ambao programu hutumia kushughulikia kazi yenye ukubwa n. Mlinganyo wa kwanza husomeka hivi: igawe kazi kuwa vipande vyenye nusu ya ukubwa, shughulikia vipande vitatu vya namna hiyo, kisha ongeza kazi ya kiasi cha n ya kugawa na kuunganisha majibu. Kila kipande nacho hugawanywa vivyo hivyo, na vipande vyake pia, mpaka kibaki kitu kidogo kisichogawanyika tena. Ugumu uko hapo: muda wa T umeelezwa kwa kutumia T yenyewe. Kanuni kuu ni njia ya mkato ya kutoka kwenye mzunguko huo. Jon Bentley, Dorothea Haken na James Saxe waliieleza mwaka 1980, na kitabu cha algoriti cha Cormen, Leiserson na Rivest, kilichotoka mwaka 1990, ndicho kilichoieneza madarasani.

Mlinganyo wa (a) una historia yake. Mwaka 1960, katika semina ya Chuo Kikuu cha Moscow, mwanahisabati Andrey Kolmogorov alitoa dhana kwamba kuzidisha namba mbili zenye tarakimu n hakuwezi kupungua chini ya hatua za kiasi cha n kipeo cha pili. Ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi: kila tarakimu ya juu huzidishwa na kila tarakimu ya chini. Kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, aliivunja dhana hiyo ndani ya siku chache.

Chukua 47 mara 36. Kawaida tunahitaji mazao manne: 4×3, 4×6, 7×3 na 7×6. Karatsuba alifanya matatu. Kwanza 4×3, yaani 12. Pili 7×6, yaani 42. La tatu ni (4+7)×(3+6), yaani 99. Ukitoa 12 na 42 kwenye 99 unabaki na 45, ambayo ndiyo jumla ya yale mazao mawili ya katikati (24 na 21), bila kuyazidisha moja moja. Weka 12 kwenye mamia, 45 kwenye makumi na 42 kwenye mamoja: 1200 + 450 + 42 = 1692. Kwa namba ndogo hivi faida haionekani. Lakini namba ikiwa na maelfu ya tarakimu, unaigawa nusu kwa nusu na kurudia ujanja huohuo ndani ya kila kipande. Vipande vitatu vya nusu, pamoja na kujumlisha na kutoa kwa kiasi cha n: ndiyo mlinganyo wa (a).

Sasa tuchore mti wake. Tuseme n ni 16, na kazi yenye ukubwa 1 hugharimu 1. Mzizini, juu kabisa, gharama ya kugawa na kuunganisha ni 16. Ngazi inayofuata ina vipande vitatu vya 8, jumla 24. Kisha vipande tisa vya 4, jumla 36. Kisha ishirini na saba vya 2, jumla 54. Chini kabisa ni majani, vipande 81 vya ukubwa 1, jumla 81. Mti mzima ni 211.

Tazama namba hizo zinavyokwenda: 16, 24, 36, 54, 81. Kila ngazi ni mara moja na nusu ya iliyo juu yake, kwa sababu vipande vinaongezeka mara tatu huku ukubwa wa kila kimoja ukipungua kwa nusu tu. Gharama inajaa chini. Majani peke yake hubeba zaidi ya theluthi moja ya kazi yote hata n iwe kubwa vipi, kwa hiyo ukitaka kujua ukubwa wa jumla inatosha kuyahesabu majani. Nayo huhesabika kwa urahisi: mti una ngazi log n chini ya mzizi (logi ya 16 ni 4, kwa kuwa 16 hugawanyika kwa mbili mara nne mpaka kufika 1), na kila ngazi huzidisha vipande kwa tatu. Idadi ni 3 kipeo cha log n, ambayo ni sawa na n kipeo cha log 3. Logi ya 3 ni takriban 1.585. Jibu la (a) basi ni Θ(n^1.585), alama ya Θ ikimaanisha kwamba muda hukua kwa kasi hiyo, si zaidi wala pungufu. Namba yenye tarakimu 1,000 ikihitaji hatua za kiasi cha 1,000,000 kwa njia ya shuleni, kwa mlinganyo huu ni kama 57,000.

Kanuni kuu haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Mlinganyo ukiwa T(n) = aT(n/b) + f(n), majani ni n kipeo cha log a, logi ikiwa ya kizio b. Mzizi ni f(n). Unalinganisha viwili hivyo, kikubwa ndicho jibu.

Vikilingana je? Hapo ndipo (b) inapoingia. Huo ni mlinganyo wa kupanga orodha kwa kuigawa nusu kwa nusu na kuzichanganya nusu zilizokwisha kupangwa, mbinu ya John von Neumann ya mwaka 1945. Mzizi ni 16. Ngazi ya pili ni vipande viwili vya 8, tena 16. Kisha vinne vya 4, bado 16. Kila ngazi hugharimu n ileile, kwa hiyo unazidisha n kwa idadi ya ngazi: Θ(n log n). Na mzizi ukishinda kabisa, kama katika T(n) = 2T(n/2) + n², ngazi huwa 256, 128, 64, 32 na 16; mzizi peke yake unazidi nusu ya jumla, na jibu ni Θ(n²). Hilo halina la kujadili.

Wengi hula sapu kwa sababu ya (c).

Mwanafunzi anaanza vizuri. Majani: a ni 2, b ni 2, kipeo ni 1, basi majani ni n. Mzizi: n log n. Analinganisha, anaona n log n ni kubwa kuliko n, anatangaza mzizi umeshinda, na anaandika Θ(n log n) kwa wino mzito. Amekosa, na mti unaonyesha. Kwa n ya 16 mzizi ni 16×4, yaani 64. Ngazi ya pili ni vipande viwili vya 8×3, yaani 48. Zinazofuata ni 32 na 16, kisha majani 16. Gharama inashuka, kweli, lakini inashuka kwa hatua zilezile moja moja, haipungui kwa nusu kama ilivyokuwa kwenye n². Ukiacha majani, jumla ni n mara (4+3+2+1). Kwa n ya 1,024 mabano yanakuwa 10+9+8 hadi 1, yaani 55, wakati mzizi una 10 tu. Mti ni mara tano na nusu ya mzizi. Fikisha n milioni moja na kidogo, ambapo logi ni 20, mti unakuwa mara kumi na nusu. Pengo halifungi, linakua pamoja na logi yenyewe. Jibu sahihi ni Θ(n log² n), yaani n mara logi mara logi.

Kumbe kanuni haisemi mzizi uwe mkubwa kuliko majani basi. Inataka uyashinde kwa kipeo: f(n) iyazidi majani kwa angalau n kipeo cha namba fulani chanya, hata ndogo kama 0.1. Logi haifiki huko. Kwa namba tulizozoea inadanganya, maana n ikiwa 1,024 logi ni 10 na n^0.1 ni 2 tu. Lakini n ikiwa 2 kipeo cha 60, logi ni 60 na n^0.1 ni 64. Imeshapitwa, na haitaongoza tena. Kuna na sharti la pili kwa mzizi unaodai ushindi: jumla ya ngazi inayofuata isizidi sehemu maalumu ya mzizi, sehemu iliyo pungufu ya 1. Hapa ngazi ya pili ni n log n kutoa n, yaani mzizi mara (1 − 1/log n), na hiyo husogea kuelekea 1 kadiri n inavyokua. Sharti linavunjika.

Sasa jambo ambalo ninaona halisemwi vya kutosha darasani. Toleo la tatu la kitabu nilichokitaja, la mwaka 2009, linatumia mlinganyo huuhuu wa (c) kama mfano wa mahali ambapo kanuni kuu haifai. Toleo la nne, la mwaka 2022, limepanua hali ya sare: f(n) ikiwa sawa na majani mara logi iliyopandishwa kipeo k, ambapo k ni sifuri au zaidi, jibu ni majani mara logi kipeo k+1. Kwa toleo hilo k ni 1, kanuni inafaa, na jibu linatoka moja kwa moja. Mwanafunzi mmoja anaandika "haifai", jirani yake anaandika Θ(n log² n), na kila mmoja ana kitabu cha kumtetea. Muda wa programu ni uleule. Kilichobadilika ni mipaka ya kanuni.

Hata kanuni iliyopanuliwa ina mwisho wake. Badilisha (c) iwe T(n) = 2T(n/2) + n/log n, logi ikiwa chini badala ya juu, nayo inakwama, kwa kuwa k ingekuwa −1. Hapo unarudi kwenye mti na kujumlisha ngazi mwenyewe: n mara (1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/log n), ambayo hutoa Θ(n log log n).

Kwa hiyo unayekwenda kwenye chumba cha mtihani, katika (c) andika kwanza a, b na majani, kisha gawa f(n) kwa majani na uonyeshe kwamba kinachobaki ni log n tu. Halafu taja unatumia kanuni ya namna gani, ile ya zamani au iliyopanuliwa, na utoe Θ(n log² n) kwa vyovyote vile, ama kwa kanuni ama kwa kujumlisha ngazi za mti. Msahihishaji wa toleo lolote atakuwa na pa kukupa maksi.