Majivu ya Koobi Fora na Umri wa Fuvu 1470

Mwezi Agosti 1972, Bernard Ngeneo alikuwa akikagua mteremko mkavu mashariki mwa ziwa ambalo siku zile liliitwa Rudolf, na leo ni Ziwa Turkana. Alikuwa mmoja wa watafutaji wa visukuku katika kikosi cha Richard Leakey, na macho yake yalikwisha kuzoea kutofautisha mfupa na jiwe katika jua kali la Koobi Fora. Siku hiyo aliona vipande vya mfupa vimetawanyika juu ya ardhi, vimefuliwa na mvua kutoka kwenye udongo wa kale. Vipande zaidi ya 150 vilikusanywa na kuunganishwa kwa subira, na likatokea fuvu la zamadamu lenye ubongo wa takriban sentimita za ujazo 750, mkubwa kuliko wa zamadamu wengi waliojulikana wakati ule. Katika daftari la makumbusho lilipewa namba 1470, na jina hilo limeligandia mpaka leo.

Swali la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: lina miaka mingapi?

Fuvu lenyewe halikuweza kujibu. Mfupa uliokaa ardhini muda mrefu hufyonza madini kutoka maji ya chini ya ardhi hadi unakuwa jiwe, na kilichomo ndani yake hakihesabu tena miaka tangu mwenyewe alipokufa. Kaboni-14, ambayo watu wengi wameisikia, huisha kiasi cha kutopimika baada ya miaka 50,000 hivi. Kwa hiyo wataalamu hawakupima mfupa. Walitazama udongo ulioufunika, na humo wakatafuta majivu ya volkano.

Bonde la Ufa limejaa volkano, na kila moja ilipolipuka majivu yake yalitua juu ya ardhi ya wakati huo kama shuka. Baadaye mito na ziwa vikaleta matope juu yake, kisha likaja shuka lingine. Mfupa unaopatikana chini ya tabaka la majivu ni wa kale kuliko mlipuko ule. Unaopatikana juu yake ni wa baadaye. Ukipata tabaka moja chini ya mfupa na lingine juu yake, umri wake umebanwa katikati. Huko Oldupai, Tanzania, ndivyo ilivyokuwa kwa fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua mwaka 1959 na likaitwa Zinjanthropus. Louis Leakey alikuwa amekisia kuwa lina miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 yeye pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, walitangaza kuwa majivu ya tabaka lile yana miaka milioni 1.75. Umri wa zamadamu ukakaribia kuzidishwa mara tatu kwa siku moja.

Saa iliyotumika imo ndani ya potasiamu. Katika kila atomu milioni moja za potasiamu, 117 hivi ni za aina inayoitwa potasiamu-40, ambayo haitulii. Taratibu sana hugeuka kuwa kitu kingine, kiasi kwamba nusu yake hupotea baada ya miaka bilioni 1.25. Katika kila atomu 100 zinazogeuka, kama 89 huwa kalsiamu na 11 huwa agoni. Kalsiamu haisaidii, kwa sababu miamba imejaa kalsiamu ya kawaida na huwezi kujua ipi ilizaliwa humo. Agoni ni gesi isiyoungana na chochote, na hapo ndipo penye siri. Mwamba ukiwa umeyeyuka ndani ya volkano, agoni yote hupata njia ya kutoka. Mlipuko ukitokea na fuwele za madini zikapoa, mlango unafungwa. Kuanzia dakika hiyo, kila atomu ya agoni inayozaliwa ndani ya fuwele inabaki imenaswa. Pima potasiamu iliyomo, pima agoni iliyokusanyika, na utajua mlango ulifungwa lini.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa mikono ni kazi ya kutoa jasho, kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo mno. Katika majivu yenye umri wa karibu miaka milioni 1.9, potasiamu-40 imezaa agoni kwa kiwango cha atomu moja hivi tu kwa kila atomu 10,000. Tena hewa tunayovuta ina agoni karibu asilimia moja, na hujipenyeza kwenye sampuli na kwenye mashine. Bahati nzuri ni kwamba agoni ya hewani huja na mwenzake, agoni-36, kwa uwiano unaojulikana. Mpimaji akiiona agoni-36 hujua hewa imeingia kiasi gani, na huiondoa katika hesabu.

Sasa turudi Koobi Fora. Juu ya udongo uliotoa fuvu 1470 kulikuwa na tabaka la majivu lililoitwa KBS, kwa heshima ya Kay Behrensmeyer, mwanajiolojia kijana aliyekuta zana za mawe humo mwaka 1969. Sampuli za majivu hayo zilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jibu la kwanza lilikuwa la kushangaza: miaka milioni 221. Hakuna aliyeamini, na walikuwa sahihi kutoamini, kwani katika tabaka hilohilo kulikuwa na mifupa ya tembo na nguruwe ambao hawakuwepo enzi za dinosaria.

Kilichotokea kinaeleweka ukifikiria jinsi majivu yalivyofika. Hayakuanguka yote moja kwa moja kutoka angani. Mengi yalibebwa na mito kutoka mbali hadi kwenye bonde la ziwa, na mto haubagui unachobeba. Njiani uliokota chembe za miamba ya kale ya Afrika Mashariki, ambayo mingine ina zaidi ya miaka milioni 500, ukazichanganya na fuwele changa za volkano. Chembe moja ya umri wa miaka milioni 500 ina agoni kama mara 300 ya chembe ya majivu ya KBS yenye potasiamu sawa. Piga hesabu: ikiingia chembe moja ya kale katika kila 300, umri unaosomeka unakaribia kuongezeka maradufu. Hata moja katika 800 inatosha kuongeza miaka 700,000. Kwa jicho la kawaida, chembe hiyo haionekani.

Fitch na Miller walijua hilo. Wakaomba vipande vya pumisi, yale mawe mepesi yenye matundu ambayo volkano hutema pamoja na majivu, kwa sababu fuwele iliyo ndani ya pumisi imezaliwa katika mlipuko wenyewe na haikuokotwa na mto. Wakachagua fuwele za feldspa zilizo safi. Mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.6. Miaka miwili baadaye fuvu 1470 lilipotoka chini ya tabaka hilo, Leakey aliliweka karibu miaka milioni 2.9. Kama ni kweli, basi binadamu wa jenasi ya Homo, mwenye ubongo mkubwa, alikuwepo mapema kuliko yeyote aliyedhania.

Waliotia shaka kwanza hawakuwa wapimaji wa agoni. Walikuwa watu wa nguruwe. Nguruwe mwitu wa kale walibadilika haraka, na jino lao la nyuma la kusagia lilizidi kurefuka kadiri vizazi vilivyopita. Basil Cooke alilinganisha meno ya Koobi Fora na yale ya bonde la Omo, ng'ambo ya mpaka nchini Ethiopia, ambako majivu yalikuwa yamepimwa vizuri. Nguruwe waliokuwa chini ya KBS walifanana na wale wa Omo wenye miaka milioni mbili hivi. Nguruwe hawawezi kuwa na umri wa namna mbili ng'ambo mbili za ziwa moja. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake walipima upya na kupata milioni 1.82 katika sampuli fulani na 1.60 katika nyingine. Mabishano yakawa makali, na yalidumu miaka.

Jambo likatulizwa na Ian McDougall wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Alichukua vipande kadhaa vya pumisi, kila kimoja kikishughulikiwa peke yake. Aliviponda, akavisafisha, akachagua fuwele angavu chini ya hadubini. Sehemu moja ya sampuli ilipimwa potasiamu. Sehemu nyingine ilipashwa moto ndani ya chombo kisicho na hewa hadi ikayeyuka kabisa, gesi iliyotoka ikasafishwa, ikaingizwa kwenye spektromita ya masi ambayo hutenganisha atomu kwa uzito wake. Kuyeyuka huko hakukuwa jambo dogo: feldspa ya aina hii ikiyeyuka huwa nzito kama uji mzito, na moto usipotosha baadhi ya agoni hubaki ndani na umri hutoka mdogo kuliko ulivyo.

McDougall alipima pia kwa njia ya pili. Fuwele huwekwa kwanza ndani ya kinu cha nyuklia, ambako nyutroni hugeuza sehemu ya potasiamu ya kawaida kuwa agoni-39. Baada ya hapo potasiamu na agoni husomwa pamoja kutoka chembe zilezile, bila kugawa sampuli. Gesi ikitolewa hatua kwa hatua kwa kuongeza moto, kila hatua hutoa umri wake. Hatua zikikubaliana, fuwele ni nzima. Zikipandana na kushuka, basi kuna agoni iliyovuja au iliyoingia kutoka nje. Njia zote mbili, kwenye pumisi tofauti, zilitoa jibu moja: miaka milioni 1.88 au 1.89. Wapimaji wengine waliotumia alama ambazo urani huacha ndani ya fuwele za zirkoni walipata karibu kiasi hichohicho mwaka 1980.

Tangu hapo fuvu 1470 limeshuka kutoka milioni 2.9 hadi karibu milioni mbili. Ikumbukwe kuwa majivu ya KBS yanabana upande mmoja tu: yanasema 1470 aliishi kabla ya mlipuko, bila kusema kwa muda gani. Mipaka ya upande wa chini ilibidi itafutwe kwingine, katika majivu ya zamani zaidi na katika unene wa matope yaliyo katikati. Pia fuvu lilikutwa juu ya ardhi, si ndani yake, kwa hiyo wanajiolojia walilazimika kuthibitisha lilidondoka kutoka tabaka lipi kabla ya kuthubutu kutaja mwaka wowote.

Mwaka 2012 Meave Leakey na wenzake walieleza uso mmoja na taya mbili kutoka Koobi Fora, si mbali na alipopita Ngeneo. Uso ule ulifanana na wa 1470. Umri waliotangaza kwa visukuku vyote vitatu, kati ya miaka milioni 1.78 na 1.95, ulitokana na kuhesabu matope juu na chini ya shuka lilelile la majivu ya KBS.