Kampuni Ikifungua Milango

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kila moja shilingi 850. Kampuni binafsi huwaeleza wanahisa wake wachache faida, madeni na kesi zake. Lakini anayeomba fedha za umma lazima ayaandike yote hayo katika waraka wa matarajio, pamoja na biashara anazofanya na kampuni mama. Hapo ndipo faida huweza kuvujia. Kubadili hadhi pekee hakuleti mzigo wote: ni kuuza hisa na kuorodheshwa sokoni kunakodai taarifa za fedha kila nusu mwaka, na habari nzito mara zinapotokea. Kabla ya kununua hisa, soma kwanza ukurasa wa hatari.